Kijana Amefika

Binti ya ndugu yangu, aliye kidato cha pili, huja kwangu hapa Mjambere baada ya alasiri kudurusu Kiswahili. Siku moja alinifungulia kitabu penye maelezo ya ngeli: kwamba ni mfumo wa kuainisha nomino kwa misingi ya upatanisho wa kisarufi baina ya nomino na viambajengo vingine vya sentensi. Alikuwa ameyahifadhi yote, lakini hakuweza kunitajia ngeli ya neno hata moja.

Nikamwandikia upya: tazama neno linavyoanza, likianza kwa ki-, na wingi wake ni vi-, basi ni la ngeli ya KI-VI. Yakawa maneno mafupi na mepesi, nami nikaridhika. Kesho yake akaniletea zoezi lake: "Kijana kimefika." Mtoto huyu hajapata kutamka hivyo tangu alipoanza kusema. Maelezo yangu ndiyo yaliyomfanya asiusadiki ulimi wake mwenyewe.

Hapo nikatambua kuwa nilikuwa nimeondoa ugumu pamoja na ukweli. Neno "viambajengo" lingeweza kwenda bila hasara. Upatanisho ndio uliokuwa kiini, nami nikauweka kando nikashika sura ya nomino. Nikaketi nikaandika tena:

"Chukua nomino. Itungie sentensi kwa kitenzi chenye -me-, kwanza katika umoja, kisha katika wingi. Silabi zinazotangulia -me- ndizo jina la ngeli. Mfano: kijana. Kijana amefika, vijana wamefika. Kabla ya -me- pana a-, kisha wa-. Basi kijana ni wa ngeli ya A-WA, ingawa neno lenyewe linaanza kwa ki-. Kufuatana huku kwa nomino na kitenzi ndiko kunakoitwa upatanisho wa kisarufi."

Istilahi sikuifuta, kwa kuwa atakutana nayo katika mtihani. Niliihamishia mwisho tu, ili ije kulipa jina jambo alilokwisha kulifanya.

Mfano nao niliuchagua kwa makusudi. Ningetumia kikombe, angeandika "kikombe kimevunjika, vikombe vimevunjika", na kanuni yangu mbovu ingempa jibu lile lile la KI-VI. Nilihitaji neno ambalo kanuni hizo mbili zinaachana njia.

Kisha nikampa kipofu, mtumbwi na maji. Kipofu akamweka katika A-WA bila kusita. "Mtumbwi umezama, mitumbwi imezama," akasema, ni U-I. Kwenye maji akakwama: "Maji yamemwagika. Na wingi wake, shangazi?" Nikaongeza sentensi moja chini ya karatasi: ikiwa silabi haibadiliki katika umoja na wingi, itaje mara mbili. Akaandika YA-YA.

Alipokuwa akikunja daftari, akalirudia zoezi lake la jana. Akalikata lile kimefika kwa kalamu, akasema taratibu, "Lakini mimi nilikuwa nikijua."