Nilimkata Dereva Fedha Ambazo Hakudaiwa

Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, hapa Biharamulo mjini. Mwanachama asiyeleta risiti simsikilizi. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza yananichoma mara mbili.

Kanta yangu ilikuwa ikirudi kutoka Kahama na bidhaa za duka. Jioni, karibu na Lusahunga, malori ya Rusumo na Kabanga yalikuwa yameegeshwa kando ya barabara, na dereva wangu akaligonga tela moja kwa nyuma. Hakuumia mtu, ila kichwa cha gari kilipondeka. Nilikuwa na bima kubwa. Kwa vile sikutaka gari lilale gereji, nilikubaliana na kampuni nilitengeneze kwa fedha zangu, kisha fidia iingie kwenye akaunti yangu.

Dereva nilimwambia tutagawana eksesi nusu kwa nusu. Eksesi ni ile sehemu ya hasara anayobeba mwenye gari mwenyewe. Kwenye mkataba wangu ilikuwa asilimia 10 ya dai, isiyopungua shilingi 500,000. Yaani hata dai lingekuwa la milioni 3, ningekatwa laki 5 na si laki 3. Kijana alikubali. Angekataaje?

Barua ya malipo ilikuja na mistari mitatu. Gharama zilizoidhinishwa: 7,800,000. Eksesi: 780,000. Malipo halisi: 7,020,000. Nilisoma mstari wa kwanza, nikafurahi, nikaikunja.

Baada ya siku chache wakanitumia kwa Wasapu ile hati wanayoiita dischaji vocha. Ndani yake mdai anakiri kwamba kiasi kilichotajwa ni malipo kamili na ya mwisho. Ilitaja 6,240,000. Nilikuwa sheli, kwenye foleni ya mafuta. Nilisaini.

Fedha zilipoingia benki, 6,240,000 zile zile, nilizitoa kwenye 7,800,000 iliyokuwa imenikaa kichwani. Jibu likawa 1,560,000. Nikaguna, "Hawa watu na eksesi yao!" Hiyo ni asilimia 20. Sikuliona hilo, kwa sababu tangu mwanzo nilikuwa nangoja kukatwa, na mtu anayengoja kukatwa hashtuki akikatwa. Nusu yake ilikuwa 780,000. Nikaanza kumkata dereva 130,000 kila mwezi, kwa miezi sita. Alipomaliza deni, aliaga.

Mwezi uliofuata wakala akaniomba karatasi za lile dai, ili tuhuishe bima. Nilizitandaza juu ya kaunta: barua, vocha, taarifa ya akaunti. Mvua ilikuwa inanyesha na wateja hawakuwepo, ndiyo maana nilisoma mpaka chini. Malipo halisi 7,020,000. Benki 6,240,000. Nikachukua simu nikapiga hesabu: 780,000. Tarakimu hizo zilikuwa zimeandikwa pale pale kwenye barua, mstari mmoja juu ya jumla. Eksesi ilikuwa imetolewa mara mbili. Nilikaa na simu mkononi, na niliyemfikiria hakuwa mtu wa bima. Dereva alitakiwa kuchangia 390,000. Mimi nilimtoza eksesi yote, peke yake.

Niliandika barua ya malalamiko, nikaambatisha nakala zote tatu. Kwanza walinionyesha saini yangu. Nikawajibu kwamba barua yao wenyewe inataja 7,020,000 na hakuna mstari mwingine wa makato: si mabaki ya gari niliyobaki nayo, si ada ya bima ninayodaiwa. Nikaongeza kwamba nikishindwana nao nitakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Hatukufika huko. Ikabainika kwamba afisa wa madai alikuwa ameshaitoa eksesi. Mhasibu akaikuta imeandikwa pembeni, naye akaitoa. Walilipa baada ya miezi miwili. Pengine nilibahatika, maana saini ile ingeweza kunifunga.

Kwa hiyo kosa la hesabu lilikuwa lao. La kusaini bila kusoma ni langu, na la dereva ni langu pia.

Ukipata fidia, usianze na namba ya juu. Anza na mstari wa mwisho wa barua, uuweke kando ya vocha kabla ya kalamu, kisha kando ya taarifa ya benki. Zilingane hadi shilingi. Zisipolingana, tafuta mstari unaoeleza tofauti hiyo, usipokuwepo, usisaini.

Dereva nilimpigia, nikamweleza yote, nikamtumia 390,000 zake pamoja na ada ya kutolea. Alijibu, "Nimeipata, bosi." Sasa anaendesha gari la mtu wa Ngara.