Tiki za Bluu Zilinikalisha kwa Ngazi Saa Moja na Nusu

Wasee, kublutikiwa si tatizo la simu. Simu hufanya kazi yake vizuri sana, na hapo ndipo inauma.

Tuelewane kwanza hizo tiki husema nini. Tiki moja ya kijivu ni ujumbe umetoka kwako. Mbili za kijivu, umefika kwa simu yake. Mbili za bluu, ambazo WhatsApp ilileta Novemba 2014, ni kwamba chati imefunguliwa. Sijasema mtu ameelewa, wala kwamba ni yeye ameshika simu. Tena akisoma ile notifikesheni ya juu bila kuingia kwa chati, tiki hubaki kijivu. Kwa hivyo mtu anaweza kukusoma na usijue kamwe.

Sasa rafiki yangu, tumwite Besti, yeye aliingia kwa chati.

Tulikuwa rumeti mwaka wa kwanza, kabla sijaachana na mambo ya chuo. Usiku huo nilifika kwa keja yangu Kahawa Wendani nikapata keateka ameweka kufuli lake juu ya langu. Kodi ilikuwa imechelewa juu kuna klayenti nilimfanyia video na pesa haikuwa imeingia. Saa 3:12 usiku nikaandika: "Besti, nimefungiwa nyumba. Naeza lala kwako leo tu?" Saa 3:14, bluu. Juu ya skrini ikatokea kwamba anaandika. Ikapotea. Ikarudi, ikapotea tena.

Watu huniuliza mbona sikutafuta mtu mwingine hapo hapo. Ni hiyo bluu. Tiki za kijivu zingenifukuza. Ningesema labda simu yake imezima, nijipange kivingine. Lakini bluu ilisema ujumbe umepokelewa na mtu anaufanyia kazi. Hata ilionyesha anaandika! Ukimwomba mtu mahali pa kulala na unaona anaandika, huanzi kuomba mwingine. Utaonekana hauna adabu. Nikakaa kwa ngazi na betri ya asilimia 18.

Saa 4:40 nikampigia. Ikaita mpaka ikakatika. Betri sasa ilikuwa 6, stejini matatu zimepungua, na majirani washafunga milango. Nikampigia anti yangu wa Githurai. Akasema, "Kuja mama. Mbona hukunipigia mapema?" Boda ikanila mia mbili ambazo ndizo nilikuwa nazo.

Besti alinitafuta siku nne baadaye. Hakudanganya, namheshimu kwa hilo. Aliniambia, "Nilisoma. Jamaa wangu alikuwa ameketi hapo kando, na hataki wageni kwa nyumba. Nikawa naandika nafuta, naandika nafuta. Sikujua nitakuambia hapana aje."

Hebu fikiria. Msichana mzima, kwa nyumba anayochangia kodi, anashindwa kuandika hapana kwa sababu anaogopa hiyo hapana itasomeka kama hanipendi. Akachagua kunyamaza, akidhani kimya ni kipole zaidi. Si kipole. Hapana yake ya saa 3:15 ingenikuta na betri, na matatu zikiwa bado nyingi. Kimya chake kilinichukulia vyote viwili.

Kuna mtu atasema dawa ni kuzima tiki. Unaenda Settings, halafu Privacy, unazima Read receipts. Ni sawa, na usiku ule ingenisaidia kweli, maana ningeona kijivu nikaondoka. Lakini ukizima, na wewe huoni za wengine. Kwa magrupu haizimiki. Na mtu akikutumia voisi ukaisikiliza, ile maikrofoni itageuka bluu kwake hata kama umezima. Mahali pa kujificha ni padogo kuliko unavyofikiria.

Mimi na Besti bado ni marafiki, ingawa sasa nikiwa na shida ya haraka nampigia simu, siandiki. Simu ikikosa kushikwa, najua nisonge mbele. Na yeye amejifunza kitu kimoja ambacho natamani kila mtu angekuwa nacho tayari kwa kibodi yake: "Leo haiwezekani, pole. Jaribu mwingine." Hakuna haja ya kueleza habari za jamaa, wala nyumba, wala hofu yako. Hayo mtaongea siku nyingine mkikunywa chai.

Kwa hivyo ukifungua chati ya mtu aliye nje usiku, jua kwamba tayari umemwambia asubiri. Usipomjibu, atasubiri.