Barua Yangu ya Kwanza ya Ufadhili Ilimuaibisha Mama

Wasee, leo nawaambia kitu ambacho sijawahi kusema hadharani. Barua yangu ya kwanza ya kuomba ufadhili ilikuwa na uongo mmoja tu, na huo mmoja ulitosha.

Nilimaliza fomu foo 2023, nikapata B. Mwaka uliofuata KUCCPS wakanipangia digrii ya kilimo, nyumbani Saboti tukachinja kuku. Kisha majibu ya HEF yakaja: nimewekwa bendi ya 3. Kwa mpango huo wa 2024, bendi ya 3 ilimaanisha serikali inalipa asilimia 50 ya gharama ya kozi, asilimia 30 ni mkopo, na asilimia 20 ni ya familia. Kozi yangu ilikuwa 180,000 kwa mwaka. Kwa hivyo 90,000 ni ufadhili, 54,000 ni mkopo, na 36,000 zitoke kwa mama. Nikaomba bendi iangaliwe upya, haikubadilika.

Ndiyo nikaandikia shirika moja hapa Kitale. Niliketi usiku nikaandika vile nilidhani watu wanataka kusoma. Baba alifariki 2019, hiyo ilikuwa kweli. Nikasema ndoto yangu ni kusaidia jamii. Halafu nikaona barua haijauma vya kutosha, nikaongeza: "Mara nyingi tunalala njaa."

Wiki tatu baadaye wakatuma mama fulani kuja kuona boma. Mashirika mengi hufanya hivyo, na mengine hayatoi taarifa mapema. Mimi nilikuwa shambani kwa jirani nikipalilia, siku ni shilingi 300. Kurudi, nikapata mgeni amekaa kwa kiti, mbele yake sahani ya ugali na mboga. Mama alikuwa ameshampeleka hadi stoo kumwonyesha magunia. Manze, mama akiwa na mahindi huwa na madaha! Nilimsikia akisema, "Hapa kwangu mtoto hawezi kulala bila kula."

Mgeni akafungua faili, akasoma ile sentensi yangu polepole. Hakunikemea. Aliandika kitu, akashukuru kwa chakula, akaondoka. Jibu la kukataliwa lilikuja kwa simu ndani ya mwezi huo, mistari miwili.

Lakini kilichoniuma si hiyo meseji. Jioni ile mama aliosha vyombo kimya, halafu akaniuliza, "Kijana, ni siku gani nilikulaza njaa?" Sikuwa na jibu. Alikuwa amelima ekari ya kukodi miaka mitano peke yake ndiyo nisiwahi kuandika sentensi kama hiyo.

Shida yetu ilikuwa ya kweli, ila mimi niliandika shida isiyo yetu. Watu wa Trans Nzoia wengi hawakosi ugali. Tunakosa pesa taslimu. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na anayesoma barua akiwa ametembelea maboma mia moja huko Machewa na Kinyoro anajua tofauti hiyo kukuliko.

Mwezi wa nane nikasikia wafadhili wengine wanapokea maombi. Safari hii sikuandika peke yangu. Nilimuomba mama tuketi na kalamu tupige hesabu ya msimu wa 2023. Alikataa kwanza, halafu akaniambia leta ile daftari ya mboga.

Kukodi ekari, 10,000. Trekta kulima mara mbili, 4,000. Mbegu, 2,500. Mbolea mifuko miwili ya bei ya serikali, 7,000. Palizi, kuvuna na kupukuchua, 4,500. Jumla 28,000. Tulivuna magunia 18 ya kilo 90. Sita tukaweka ya kula. Kumi na mbili tukauza kwa broka kwa 3,000 kila moja, hiyo ni 36,000. Toa gharama, faida ya mwaka mzima ni 8,000.

Mama aliitazama hiyo 8,000 muda mrefu. Nadhani hakuwa amewahi kuiona imeandikwa.

Mboga sokoni humpa kama 6,000 kwa mwezi, yaani 72,000 kwa mwaka. Ada ya mdogo wangu ni 40,000. Ukijumlisha faida ya mahindi na kutoa hiyo ada, familia inabaki na 40,000 za miezi kumi na mbili: sabuni, dawa, mafuta, nguo, kila kitu. Na chuo kinataka 36,000 kati ya hizo. Hiyo sentensi moja ndiyo ilikuwa barua yangu. Haikuhitaji machozi.

Kisha nikaandika tulichofanya wenyewe. Mama aliuza mbuzi kwa 9,000. Mimi nilikuwa nimeweka 5,000 za vibarua. Nikaomba zilizobaki: 22,000, si "msaada wowote mtakaoweza." Nikasema pia kwamba HELB watanipa mkopo mwingine wa matumizi, 50,000 kwa mwaka, na kwamba huo ni wa chumba na chakula. Ungeuficha wangeupata tu, kwa sababu bendi yako ina kiwango chake na wao wanakijua. Nikaambatanisha barua ya kuitwa chuo, muundo wa karo, cheti cha kifo cha baba na barua ya chifu. Nilihakikisha jina langu limeandikwa sawasawa kwenye zote, maana kwenye barua ya chifu herufi moja ilikuwa imeruka na nilirudi kurekebishiwa.

Sehemu ya malengo pia niliibadilisha. "Kusaidia jamii" nikaifuta. Unajua kwa nini tuliuza gunia 3,000 na bodi ya nafaka, NCPB, msimu huo ilikuwa inanunua kwa 4,000? Kwa sababu bodi haipokei mahindi yaliyopita unyevu wa asilimia 13.5, na sisi huvuna mvua ikiwa bado inanyesha. Mama huanika kwa turubai uani, wingu likitokea tunakimbia kuyaingiza, kesho tunayatoa tena. Broka anakuja na lori, anang'ata punje moja, anasema ni mbichi, anataja bei. Kwa magunia 12 tulipoteza 12,000. Hiyo ni zaidi ya nusu ya pesa niliyokuwa naomba.

Kwa hivyo niliandika kwamba nataka kusoma kilimo nijue ukaushaji na uhifadhi wa nafaka, kwa sababu hapo ndipo pesa yetu huvujia. Nikataja A- yangu ya kilimo na B+ ya bayolojia. Nikakubali pia kwamba hesabu nilipata C+, na kwamba kozi ina takwimu, kwa hivyo nilikuwa nimeanza kurudia vitabu vya fomu tatu na foo.

Barua nzima ilikuwa ukurasa mmoja. Kabla ya kuipeleka nilimsomea mama yote, mstari kwa mstari, maana safari hii mgeni akija nilitaka wote wawili tuwe tunasema kitu kimoja. Alinirekebisha mahali pamoja tu. Nilikuwa nimeandika magunia ya kula ni matano. Akasema, "Ni sita. Usinipunguzie."

Mgeni alikuja kweli, mwanaume wa makamo na pikipiki. Alihesabu magunia, akauliza bei ya mbuzi, akaangalia daftari ya mboga. Mama akampakulia ugali. Alikula wote.

Walinipa 20,000. Zile 2,000 zilizobaki nilizipalilia kwa wiki moja.