Meseji ya Kudai Deni Bila Kugombana: Dada Fundi wa Mtwara na Sare 24 za Unyago

Kuna dada mmoja ana fremu ya ushonaji mjini Mtwara, karibu na soko kuu. Desemba alishona sare 24 za kitenge kwa ajili ya unyago kule Msimbati. Kitenge walileta wenyewe, ufundi 15,000 kila gauni, jumla 360,000. Akatangulizwa 150,000. Mama aliyeleta kazi akasema, "Iliyobaki tarehe 31 mwanangu, korosho zikishalipwa."

Tarehe 31 ikapita kimya. Watu wa kusini wanaijua korosho: unapeleka mzigo chama cha msingi, unasubiri mnada, ndipo hela iingie benki. Kuchelewa kidogo si ajabu, dada wa watu akavumilia. Ila ilipofika tarehe 20 Januari, kodi ya fremu imebakiza siku kumi na simu zake hazipokelewi, uvumilivu ukaisha. Saa nne usiku akaandika:

"Mama we si muungwana. Nimekushonea ukapendeza, leo hupokei simu. Nataka hela yangu kesho, la sivyo nakuanika kwenye grupu wakujue."

Bahati nzuri kabla ya kutuma alimsomea dada yake mkubwa, ambaye anauza vitu vya jumla na amedai watu miaka mingi. Yule akamuuliza, "Hapo unadai au unagombana?"

Kweli, meseji nzima haikutaja kiasi, haikutaja kazi gani, na hiyo "kesho" hakuna aliyeikubali. Tena kumtisha mtu kwenye simu kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kutuma ujumbe wa kutisha au kusumbua mtu. Na mama huyo ndiye anayemletea wateja wa Msimbati. Dada mkubwa akamwambia, "Andika kitu ambacho hata kikisomwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa hutaona aibu."

Wakaanza na daftari. Binti wa yule mama ndiye aliyekuja kuchukua mzigo, na saini yake ipo: sare 24, tarehe 12 Desemba. Rasimu ya pili ikaanza na "samahani kwa usumbufu" na kuishia na habari ya kodi. Dada mkubwa akafuta vyote viwili. Hela ni yako, unaomba samahani ya nini? Na ukitaja shida zako, mwenzio naye atataja zake, mwisho mtabaki mnapeana pole. Heshima inatosha kwenye salamu. Kesho yake saa tatu asubuhi ikatumwa hii:

"Shikamoo mama. Natumaini shughuli iliisha salama. Nakukumbusha baki la sare 24 mlizochukua tarehe 12 Desemba. Jumla 360,000, mlitanguliza 150,000, imebaki 210,000, na tulikubaliana tarehe 31 Desemba. Naomba uilipe ifikapo tarehe 27 Januari kwa namba hii hii, jina litatokea langu. Kama hesabu yako ni tofauti au kuna kilichokwama, niambie leo tupange. Asante mama."

Jioni mama akapiga mwenyewe. Kumbe korosho ilikuwa kisingizio tu. Kila mwanamke alitakiwa kuchanga 15,000 ya ushonaji. Kumi walitoa, ndiyo ile 150,000 ya mwanzo. Kumi na wanne walivaa, wakacheza, wakarudi makwao bila kutoa kitu, na mama aliona aibu kusema. Ile sentensi ya "kuna kilichokwama" ndiyo iliyomfungulia mlango. Angetumiwa meseji ya usiku, angezima simu.

Wakakubaliana 70,000 mara tatu: tarehe 27 Januari, 10 Februari na 24 Februari. Hapo dada akafanya jambo ambalo wengi husahau. Maneno ya kwenye simu hayabaki, kwa hiyo alipokata tu akaandika: "Mama, kama tulivyoongea, 70,000 tarehe 27, 70,000 tarehe 10, 70,000 tarehe 24. Ukiona ni sawa nijibu." Mama akajibu, "Sawa mwanangu." Jibu hilo moja ni ushahidi kwamba deni analitambua, kiasi na tarehe.

Awamu ya pili ilichelewa siku mbili. Safari hii haikuhitaji maelezo: "Shikamoo mama, ile ya tarehe 10 bado sijaiona." Ikaingia usiku huo huo. Ya tatu ikaja kwa wakati.

Tusidanganyane, meseji nzuri haikumaliza kila kitu. Mwisho wa Januari mkononi ilikuwepo 70,000 tu, na kwa mwenye fremu ilibidi aende kujieleza. Meseji haizalishi hela ambayo mdaiwa hana. Inakuonyesha imekwama wapi.

Mama wa Msimbati ameshaulizia sare za Juni. Amekaribishwa vizuri, ila utaratibu umebadilika: kila gauni lina jina la mvaaji, na linatoka dukani mvaaji huyo akishalipa.