Chui Naye Asimulie: Hadithi ya Mama Wawili

Hadithi hii makabila yetu mengi yanayo, kila moja kwa namna yake. Kwa wengine mkosaji ni Fisi, kwa sisi ni Chui. Njaa iliingia inchini. Sungura na Chui wakapatana kila mmoja amuue mama yake, ili midomo ya kulisha ipungue. Chui akamuua wake kweli, damu ikashuka mtoni. Sungura akatia ndani ya maji utomvu wa mukula, ule mti unaotoa maji mekundu kama damu, halafu akamficha mama yake juu ya mwamba. Kila jioni anaimba, mama anashusha kamba, anapanda anakula. Chui akagundua. Akaimba kwa sauti nene, mama akakataa. Akaenda kwa mhunzi, akachomwa koo kwa chuma cha moto, sauti ikawa nyembamba. Kamba ikashuka. Yule mama akaliwa.

Basi tuliwaomba wanafunzi wa mwaka wa tano waisimulie tena, lakini anayesema awe Chui. Tuliwapa sharti moja tu: njaa, patano, mto mwekundu, wimbo, kamba, chuma, vyote vibaki, na kwa mpangilio uleule. Msikilizaji lazima aijue hadithi yake, hata kama amekalishwa upande mwingine wa moto.

Wengi walianguka pahali pamoja. Walimfanya Chui kuwa mtu mwema. Mmoja alimfanya apande kamba, amkute yule mama, wasameheane, wale ugali pamoja. Darasa lilinyamaza. Wakati wa wimbo, ambapo kwa kawaida wote wanaitikia, hakuna aliyeitikia. Hapo ndipo unajua hadithi imekufa mikononi mwa msimuliaji. Kumpa mkosaji nafasi ya kusema si kumwondolea kosa lake. Asipomla yule mama, si Chui tena, ni mtu mwingine aliyevaa ngozi yake.

Shida nyingine ni ya kujua. Katika hadithi ya kawaida tunamwona Sungura akikata mukula, tunacheka. Lakini Chui hakuona kitu. Anachojua yeye ni kwamba maji yalikuja mekundu kutoka upande wa rafiki yake. Kwa hiyo anayesimulia kwa kinywa chake hana ruhusa ya kuutaja ule mti mapema. Binti mmoja alilielewa jambo hilo vizuri sana. Chui wake anasimama mtoni, maji mekundu ya pande mbili yanachanganyika, naye anamwambia Sungura: « Pole, ndugu yangu. » Basi! Hakuongeza neno. Darasa zima liliguna, kwa sababu kila mtu aliujua mukula isipokuwa Chui. Kicheko cha siku zote kiligeuka kitu kingine, na hakuna tukio hata moja lililobadilishwa.

Huyohuyo alitufanya tumwone mama wa Chui. Nyanya zetu walikuwa wanampitisha kwa sentensi moja: alikufa, mambo yanaendelea. Yeye alimpa kazi, anatwanga mihogo ya mwisho, anamuuliza mwanawe mbona amerudi mapema. Hatukumwomba aongeze zaidi, ilitosha.

Halafu kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, akasimama. « Mwalimu, Sungura alimudanganya Chui, ni kweli. Lakini ule mama ya Sungura alimudanganya nani? » Wengine wakajibu kwamba alikula wakati wenzake wanakufa njaa. Yeye akasema: « Alikula kile mutoto wake alimuletea. » Kwetu huku Mashariki, tangu vita vya 1996, wengi wamesikia mtu akieleza vizuri kabisa ni nani alianza kumkosea, kisha malipo yakaenda kuchukuliwa kwa mzee asiyehusika. Hakuna aliyeyasema hayo darasani, na sisi hatukuyasema. Tulimwomba binti aendelee kusoma.

Alifika kwenye chuma. Kwa kawaida pale watoto wanacheka tena, Chui mjinga anameza moto. Katika maneno yake Chui anahesabu siku ambazo hakuweza kumeza mate. Anaimba, kamba inashuka, anapanda, anakula. Anasema wazi: nilikula. Hasemi kwa nini, sababu amekwisha kuzitoa zote huko nyuma na pale juu hazimsaidii tena.

Hadithi ya wazee inamwacha hapo, ila binti aliongeza mistari miwili ambayo tuliipitisha, kwa maana haikugusa tukio lolote. Chui anashuka, anakwenda mtoni, anamwita mama yake. Na sauti inayotoka ni ile nyembamba ya Sungura.