Breki Isiyoachia

Mjomba wangu ni fundi cherehani huko Msambweni. Akiwa ameketi kazini hutamdhania lolote, maana kiwiliwili chake ni cha mtu mzima kama wengine. Akisimama ndipo unapoona kwamba mapaja ni mafupi mno, na mikono vilevile, hasa kati ya bega na kiwiko. Kimo chake ni sentimita 128. Kanyagio la cherehani amelipigilia kipande cha mbao ili mguu ufike.

Alipozaliwa, lawama zote zilimwangukia bibi. Eti alimcheka mtu mfupi akiwa mja mzito! Wengine wakasema ni pepo, na ndoa ilikuwa karibu kuvunjika.

Hali hiyo inaitwa akondroplasia, na chanzo chake kilijulikana mwaka 1994. Mifupa ya miguu na mikono hurefukia karibu na ncha zake, kwenye tabaka la gegedu. Hapo seli hujipanga safu, huongezeka, huvimba, kisha mahali pake hushikwa na mfupa. Jeni iitwayo FGFR3 hutengeneza protini ambayo ni breki ya kazi hiyo. Kwa kawaida breki hushika ikipata ujumbe, halafu huachia. Kwa mjomba, herufi moja tu ya jeni ilibadilika, na kiungo cha 380 cha protini kikawa arginini badala ya glisini. Basi breki ikawa inashika hata bila ujumbe. Ni kama matatu ya Likoni inayokwenda Ukunda na breki imeng'ang'ana: injini nzima, petroli imo, lakini yajikokota tu. Mifupa ya juu ya fuvu haikui kupitia gegedu, ndiyo maana kichwa chake kinaonekana kikubwa. Akili haiguswi kabisa. (Kwa hesabu za vitambaa, nani atamweza?)

Sasa bibi alikosa nini? Hakuna! Watoto wanne kati ya watano wenye hali hii huzaliwa na wazazi warefu. Badiliko huanza upya, na karibu kila mara katika mbegu ya baba, hasa baba mwenye umri mkubwa. Babu alikuwa amepita miaka hamsini. Naye hakukosa, kwa kuwa mbegu haimwombi mtu ruhusa.

Mjomba alioa mke mrefu. Kila mimba yao ni kama kurusha shilingi: nusu kwa nusu. Kifungua mimba alirithi jeni ya baba, wa pili amenipita mimi kwa urefu.

Huyo wa kwanza, alipokuwa mchanga, alikoroma sana na pumzi ikawa yakatika usingizini. Kumbe chini ya fuvu kuna mifupa inayotokana na gegedu, na tundu linalopitisha uti wa mgongo laweza kuwa jembamba likaubana. Daktari aliagiza picha ya kichwa, tundu likapanuliwa kwa upasuaji. Siku hizi mtoto yuko darasa la pili, na kanyagio la baba yake halifikii bado.