Kokoti ikinyamaza juu ya moto, iondoe

Tangu shangazi yangu na watoto wake walipotukimbilia kutoka Masisi, tunakula watu tisa nyumbani, na maharagi yalikuwa yanatumalizia makala. Hapa Goma, kwenye mita karibu 1 500 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo maharagi yanakawia kuiva. Nikanunua kokoti ya lita 7 sokoni. Hiyo sufuria inafungia mvuke ndani, na joto linapita nyuzi 100.

Nililoweka maharagi usiku kucha, nikayagawa mara mbili. Ya sufuria ya kawaida yaliiva baada ya saa mbili na nusu. Ya kokoti yaliiva kwa dakika 30, kuanzia ilipoanza kupiga sauti. Tatizo ni hiyo sauti yenyewe: kile kizito cha juu ya tundu kinatikisika na kufoka mvuke, na katika chumba kimoja hakuna mtoto anayelala.

Siku ya tatu nilitaka kupikia wote mara moja, nikaijaza karibu na ukingo. Ilipiga sauti dakika kumi, kisha kimya. Nilifurahi. Shangazi ndiye aliyeruka: «Mwanangu, toa moto! Imeziba!»

Alikuwa na haki. Maharagi hutoa povu, povu hubeba maganda, na ganda moja linatosha kuziba tundu. Mvuke unakosa njia huku makala yanaendelea kuwaka. Tuliondoa makala kwa koleo, tukakaa mbali mpaka kokoti ikapoa kabisa, ndipo tukafungua.

Tangu siku ile sivuki nusu ya sufuria, na natia kijiko kimoja cha mafuta ili povu lipungue. Ikianza kupiga sauti, napunguza makala, maana mbabula haina kifungo cha kushusha moto. Nikimaliza, nainua kizito kidogo kwa mwiko. Kama bado kuna mvuke unaotoka, sifungui. Kifuniko kikikataa, silazimishi.

Kuosha si kazi ngumu, lakini usiruke tundu. Pitisha kijiti cha ufagio, kisha tazama kwenye mwanga: lazima uone upande wa pili. Mpira wa kifuniko utoe, uoshe, uukaushe. Ukikauka na kupasuka, mvuke utatokea pembeni na chakula hakitaiva haraka.

Ukinunua kokoti iliyotumika, tafuta kwenye kifuniko kile kizibo kidogo cha usalama, kinachoachia mvuke tundu likiziba. Nimeonyeshwa moja iliyozibwa hapo kwa msumari. Niliirudisha mezani, hata bei ilipopunguzwa nusu.

Kelele bado zinatusumbua. Siku hizi tunapikia nje, lakini karibu na mlango, ili tuzisikie.